Ukienda msibani kwa rafiki yako: la kusema na la kuliacha

Maswali ni yale yale kila mara. Rafiki yangu kafiwa na mama yake, nikifika nimwambie nini? Yeye ni Mwislamu na mimi ni Mkristo, niombe vipi? Nimuulize marehemu alikuwa anaumwa nini, au nitaonekana mmbeya? Nisipomuuliza, si ataona sijali? Mwongozo huu unajibu hayo. Tumeulenga msiba wa mjini, wa aina inayoonekana kila wiki Dar es Salaam: turubai mbele ya nyumba, viti vya plastiki kwa wanaume, mikeka na wanawake ndani, meza ya rambirambi karibu na mlango. Anayekwenda ni rafiki au mfanyakazi mwenzake mfiwa, si ndugu wa damu.

Shika kipimo kimoja tu. Kabla hujatamka sentensi yoyote, jiulize inamwachia mfiwa kazi gani. "Pole sana" haimwachii kazi; anaitikia "nimeshapoa", au haitikii kabisa, na hakuna kinachoharibika. "Ilikuwaje?" inamtaka asimulie kifo upya, na huenda ameshakisimulia tangu asubuhi kwa kila aliyeingia mlangoni. Karibu kila kosa la maneno msibani linatokana na hapo.

Kabla hujatoka nyumbani

Jua mambo manne, na usimpigie mfiwa mwenyewe kuyauliza. Mpigie jirani, mfanyakazi mwenzake au ndugu anayeratibu.

Kwanza, nani hasa amefariki na alikuwa nani kwake. "Baba" anaweza kuwa baba mzazi au baba mdogo aliyemlea. Ukikosea hapo, pole yako yote inakwenda upande. Pili, familia ni ya dini gani, na kama ni Wakristo, ni wa kanisa gani. Sababu utaiona kwenye hatua ya 3. Tatu, mazishi ni lini na wapi. Waislamu huzika mapema, mara nyingi siku ile ile, kwa hiyo ukisema "nitapita jioni nikitoka kazini" unaweza kukuta watu wameshatoka makaburini. Familia nyingine husafirisha kwenda mkoani, na hapo una siku mbili tatu za kufika kabla ya safari. Nne, msiba upo nyumba ipi, maana marehemu mmoja anaweza kuwa na kilio kwa mume, kwa wazazi na kwa mtoto mkubwa.

Vaa nguo ya heshima. Mwanamke abebe kanga au kitenge cha kujifunga juu ya nguo aliyovaa, na mtandio. Mwanamume suruali ndefu. Vaa viatu vinavyovulika kwa urahisi, kwani huenda ukakaa mkekani. Rambirambi iweke kwenye bahasha na uandike jina lako juu yake. Simu izime sauti kabla hujafika, si baada ya kulia ibada ikiendelea.

Hatua

1. Salimia waliopo nje kwanza. Kwa wazee sema "Shikamoo, poleni na msiba." Wataitikia "Marahaba, tumeshapoa." Kwa rika lako, "Poleni sana" yatosha. Nyumba ya Waislamu anza na "Asalaam aleikum" kama ni salamu yako. Kama si yako, "poleni" inapokelewa vizuri kabisa. Pwani na Visiwani utasikia pia "makiwa." Acha "mambo vipi" na "habari za leo," maana jibu lake la mazoea ni "nzuri," na mtu aliyefiwa anabaki ameduwaa hajui aitikie nini. Ukikutana na mtu uliyesoma naye miaka iliyopita, salamu zenu za furaha ziwekeni mpaka mtakapokuwa mbali na mlango.

2. Uliza alipo mfiwa, na kama anaweza kuonana na watu. Muulize mmoja wa wanaopokea wageni: "Shangazi, naomba kumpa pole mwenzangu, yuko wapi?" Ukiambiwa amelala au anaoga, kaa usubiri, au acha salamu kwa shangazi huyo. Mwanamume usijipenyeze chumbani kwa wanawake hata kama mfiwa ni rafiki yako wa karibu. Omba aitwe akiweza. Ukimfikia akiwa amekaa chini, nawe shuka chini. Usimpe pole umemsimamia kichwani.

3. Mpe pole kwa sentensi tatu fupi, kisha nyamaza. Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa hiyo tutakawia kidogo.

Sentensi ya kwanza ni pole yenyewe, pamoja na jina lake au namna unavyomwita siku zote: "Pole sana, dada." Ya pili inamtaja marehemu kwa uhusiano wake: "Pole kwa kumpoteza mama." Usiseme "amekufa", sema amefariki, au ametutoka. Kama ulimfahamu marehemu, sentensi hii ndiyo mahali pa kuongeza jambo moja la kweli na dogo: "Mama alikuwa hatuachi tuondoke bila chai." Jambo moja tu. Usibuni. Kama hukumfahamu, usimsifu kwa sifa ulizosikia barazani dakika tano zilizopita.

Sentensi ya tatu ni dua, na hapa dini ina neno lake. Mwislamu kwa Mwislamu mwenzake husema "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," kisha humwombea maiti rehema na wafiwa subira. Kama wewe si Mwislamu, usijilazimishe Kiarabu usichokizoea. Sema "Mwenyezi Mungu awape subira," nawe umesema kitu ambacho nyumba nzima inakikubali. Kwa Wakatoliki, kumwombea marehemu ni sehemu ya imani yao, hivyo "Raha ya milele umpe ee Bwana" ina mahali pake, na "Mungu ailaze roho ya marehemu mahali pema peponi" pia. Kwa Walutheri wengi na walokole mambo ni tofauti: wao hawamwombei aliyekwisha kufariki, huwaombea walio hai. Ukifika huko ukaomba roho ilazwe pema, hakuna atakayekufukuza, lakini "Mungu awatie nguvu na kuwafariji" ndiyo dua yao. Na ukiwa hujui kabisa wanaabudu wapi, waombee walio hai. Dua hiyo haikosei nyumba yoyote.

Baada ya hapo, kimya. Utahisi kimya hicho ni kirefu na ulimi utataka kukijaza. Uzuie. Mshike mkono kama ni mtu wa jinsia yako na mmezoeana. Akitaka kuongea ataongea, na kazi yako ni kumsikiliza mpaka amalize, bila kuingiza habari za msiba wako wa mwaka juzi.

4. Mpishe. Kama nyuma yako kuna watu wanasubiri, dakika mbili tatu zinatosha. Nenda ukakae na wengine, wanaume turubaini, wanawake mikekani. Kukaa kwako kuna uzito kuliko maneno uliyosema. Mfiwa akiinua macho anaona umekuja na hujakimbia. Panga kukaa angalau saa moja. Watu watazungumza siasa, mpira, pengine bao litachezwa. Shiriki kwa sauti ya chini, ila usiwe wewe wa kupiga kicheko kinachofika ndani.

Kuna kicheko kingine chenye ruhusa. Ukiona mtu anamwigiza marehemu, anadai deni lake, au amelala mlangoni akitaka fidia ndipo mwili utoke, huyo ni mtani. Kwa msiba wa Mchaga anaweza kuwa Mpare, na kwa msiba wa Mpare anaweza kuwa Mchaga. Ana haki hiyo kimila, na wafiwa wengi humshukuru kwa kuwachekesha. Wewe usiye mtani wao usimuige. Maneno yale yale kinywani mwako yanakuwa tusi.

5. Peleka rambirambi mezani, si mkononi mwa mfiwa. Pwani na kwa Waislamu wengi utasikia inaitwa ubani. Karani ataandika jina na kiasi kwenye daftari. Hakikisha jina limeandikwa sawasawa, kwa sababu familia itairudia orodha hiyo siku nawe utakapofiwa. Usimtajie mfiwa kiasi ulichotoa, na usiombe radhi kwamba ni kidogo, maana unamlazimisha akutulize wewe. Huna hela? Nenda hivyo hivyo, ukaoshe vyombo au ubebe viti. Nayo ni rambirambi, na inaonekana.

6. Toa msaada wenye jina. "Ukihitaji chochote niambie" inasikika vizuri, lakini inampa mfiwa kazi ya kufikiri anahitaji nini, kisha kazi nyingine ya kukuomba, na wengi hawaombi. Badala yake sema: "Kesho nitawapeleka watoto shule na kuwarudisha," au "Kazini nimeshaongea na bosi, zamu zako za wiki hii tumegawana." Kama ni jambo la jikoni, usimuulize mfiwa. Muulize mama mkubwa au jirani anayesimamia sufuria.

7. Aga bila sherehe. "Tunawaacha kidogo, tuko pamoja" inatosha. Usimwamshe mfiwa ili umuage, wala usimwite atoke akusindikize. Usiondoke katikati ya ibada au kisomo, subiri "amina."

Sentensi za kuacha, hata kama kila mtu anazisema

"Alikuwa anaumwa nini?" Kama unataka kujua, muulize jirani turubaini, tena kwa sauti ndogo. Kuna vifo ambavyo familia haitaki kuvieleza, kama vile mtu kujiua, na swali lako linawalazimisha wachague kati ya kusema uongo na kujianika.

"Mngemuwahisha Muhimbili…" Hakuna "mnge" inayosaidia mtu aliyekwisha kufariki. Anayebaki nayo ni mtoto aliyekuwa anamuuguza, na ataizungusha kichwani usiku kucha.

"Kazi ya Mungu haina makosa." Ndiyo sentensi iliyozoeleka kuliko zote, na mfiwa mwenyewe akiisema, itikia. Usianze wewe. Mtu ambaye mwanawe amegongwa na dereva mlevi jana anaisikia kama amri ya kutokasirika.

"Jikaze, mwanamume halii." Na sentensi inayofanana nayo: "Usilie, kulia ni kumkufuru Mungu." Katika Uislamu kinachokatazwa ni kupiga mayowe ya kuomboleza, kujipiga na kuchana nguo, machozi hayakukatazwa. Kwa Wakristo, Yesu mwenyewe alimlilia Lazaro. Mwache mtu alie.

"Sasa wewe ndiye baba wa nyumba hii," anaambiwa mtoto wa miaka 12. Anaiamini. Mwambie tu "Pole sana, baba alikuwa anakupenda," ukiwa unajua ni kweli.

"Mungu atawapa mwingine," kwa waliofiwa na mtoto, hata kama mtoto aliishi saa moja. Hawakumpoteza "mtoto" wa kujazwa nafasi yake, walimpoteza huyo. Kama alipewa jina, litaje. Wazazi wengi hukaa miezi bila kulisikia mtu mwingine akilitamka.

"Kuna mkono wa mtu hapa." Hii si pole. Imevunja koo na imewafanya vikongwe wasio na hatia waogopwe na kupigwa. Ukiisikia turubaini, usiipokee wala usiipeleke mbele.

Maswali ya mirathi, nyumba na nani atabaki na watoto yana kikao chake cha ukoo. Wewe rafiki huna kiti humo.

Tuongeze la mjane wa Kiislamu. Akiwa kwenye eda, ambayo ni miezi 4 na siku 10, au mpaka ajifungue kama ana mimba, hatoki bila haja, na hairuhusiwi kumtamkia posa waziwazi. Kwa hiyo mzaha wa "bado kijana, utaolewa tu" unamkosea yeye na dini yake kwa pamoja. Mwanamume asiye maharimu wake ampe pole kupitia kaka au mtoto wake, au mbele ya watu wa nyumbani.

Mfano kamili

Mfanyakazi mwenzenu wa kike amefiwa na mama yake mzazi. Familia ni ya Kikatoliki, msiba uko Mbagala, safari ya kwenda kuzika Rombo ni kesho kutwa alfajiri. Mko wanne, mmechanga shilingi 20,000 kila mtu. Mnaziweka 80,000 kwenye bahasha moja, mnaandika "Wafanyakazi wenzake" na majina yenu manne.

Mnafika saa kumi na moja jioni. Nje: "Shikamooni, poleni na msiba." Mmoja wenu, mwanamke, anakwenda kwa shangazi mlangoni na kuuliza kama mwenzenu anaweza kutoka. Anatoka, macho yamevimba. Msimzunguke wote wanne kila mmoja na hotuba yake. Mmoja aseme kwa niaba yenu: "Pole sana, dada. Pole kwa kuondokewa na mama. Raha ya milele umpe ee Bwana." Wengine wamshike mkono na kusema "pole" tu.

Anaanza kusimulia mwenyewe: presha ilipanda usiku, gari lilichelewa, walifika hospitali mama hapumui. Anasema, "Ningempeleka jana yake." Hapa ulimi unakimbilia "usijilaumu" au "ndivyo Mungu alivyopanga." Zote mbili zinamfunga mdomo. Jibu lililo karibu na ukweli ni: "Ulikuwa naye usiku ule, hukumwacha peke yake." Halafu mnyamaze tena.

Kabla ya kumwachia, mmoja amwambie la kazi: "Ripoti ya mwisho wa mwezi tutaifunga sisi. Simu za ofisini usipokee." Bahasha inakwenda mezani, karani anaandika. Mnakaa hadi rozari iishe, asiye Mkatoliki akikaa kimya kwa heshima bila kujifanya anajua sala. Mnaondoka saa moja na nusu.

Yakiharibika

Anakuangukia kifuani analia kwa sauti. Mshikilie, usiseme kitu, usimpigepige mgongoni kwa haraka kama anayetaka yaishe. Akiishiwa nguvu, ita wanawake wa karibu na maji.

Hakutazami wala haitikii. Si kwamba amekasirika nawe. Mpe pole yako mara moja, ukae karibu kidogo, uondoke. Usirudie mara tatu ukisubiri jibu.

Anachekacheka na kupiga soga kama hakuna kilichotokea. Mfuate huko huko. Usimrudishe kwenye huzuni ili ujiridhishe kwamba pole yako imefika.

Anakuuliza "Kwa nini mimi?" Hataki jibu la dini kutoka kwako. "Sijui, ndugu yangu. Inauma sana" ni jibu kamili.

Wewe ndiye unalia kuliko yeye. Toka nje, jiweke sawa, urudi. Akianza kukubembeleza, mambo yamepinduka.

Ndugu wanaanza kugombana wapi pa kuzika. Sogea mbali. Usitoe maoni hata ukiulizwa, na usiyapeleke kazini.

Umeteleza ukasema neno baya. Sema "Samahani, nimesema vibaya" mara moja, basi. Maelezo marefu yanamfanya yeye akusamehe kwa dakika kumi.

Umepiga picha ya mfiwa akilia au ya jeneza. Ifute. Na kwenye hali ya WhatsApp usiweke tangazo la kifo kabla familia haijatangaza. Kuna mtoto wa marehemu aliye safarini ambaye anaweza kujulia hapo.

Uko mbali, huwezi kufika. Piga simu, usitume ujumbe tu kama ni rafiki wa kweli. Asipopokea usirudie rudie, tuma ujumbe wa sentensi zile tatu, umalizie na "usihangaike kujibu." Rambirambi kwa simu mtumie anayekusanya, utaje jina lako kamili ili liingie daftarini.

Umechelewa wiki tatu, tanga limeshaanuliwa. Nenda. Usianze na sababu zilizokuchelewesha, sema "Pole, sikuwepo mazishini, nimekuja sasa." Wakati huo nyumba imebaki tupu, na hapo ndipo unaweza kumuuliza swali ambalo siku ya kwanza lilikuwa mzigo: "Nieleze habari za mama." Kama hataki, atasema hataki, na mtazungumza mengine. Arobaini ikiitwa hitima au misa ya shukrani, uliza tarehe kabla hujaondoka, uiandike.